Kidonge cha Chuma, Juisi ya Chungwa na Kikombe cha Chai Kilichonipotezea Wiki Sita

Siku nilipopewa majibu ya damu, hemoglobini yangu ilisomeka 8.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa ifike angalau 12. Feritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 6, na daktari akanieleza kwamba ikishuka chini ya 15 maana yake ghala ni tupu. Sababu haikuhitaji kutafutwa sana: nilikuwa na hedhi nzito kwa zaidi ya mwaka na nilikuwa nimeizoea. Kupanda ngazi kulinifanya nisimame katikati nishike ukuta. Jambo jingine nililoona aibu kulisema ni kwamba nilikuwa natafuna barafu siku nzima. Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema hamu ya barafu ni moja ya dalili za kupungukiwa na chuma.

Nikaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku asubuhi. Kwenye karatasi waliandika feras salfeti miligramu 200. Baadaye ndipo nilipojua kwamba chuma chenyewe ndani ya kidonge hicho ni miligramu 65 tu, na uzito uliobaki ni chumvi iliyokibeba. Mfamasia aliniambia sentensi moja wakati ananikabidhi: "Meza na juisi ya chungwa, vitamini C inasaidia." Nikaitika, nikaondoka. Kwenye sentensi ile hapakuwa na neno lolote kuhusu chai, nami sikuuliza.

Siku nne za kwanza nilifuata vizuri. Nilimeza kidonge tumbo likiwa tupu, juu yake nusu glasi ya juisi. Siku ya tano kichefuchefu kilinishika mpaka nikakaa chini sakafuni. Kwa hiyo nikabadilisha utaratibu kwa akili yangu mwenyewe: nikaanza kumeza kidonge katikati ya kifungua kinywa, baada ya mkate na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Tumbo likatulia. Nikajipongeza kwamba nimepata njia.

Juma la nne bado nilikuwa nachoka vilevile. Nikafikiri huenda vitamini C haitoshi, nikanunua vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyotoa povu, vya miligramu 1000. Nikawa nameza chuma kwa glasi ya povu, kisha nakunywa chai yangu pale pale. Niliamini kwamba vitamini C nyingi kiasi hicho itashinda chochote kitakachokuja nyuma yake.

Kilichonidanganya zaidi ni choo. Kilikuwa cheusi tangu siku ya tatu, na mtu mmoja wa karibu aliniambia choo kikiwa cheusi ujue dawa inafanya kazi. Nikakaa na imani hiyo wiki sita nzima. Ukweli ni kinyume: weusi ule ni chuma ambacho mwili haukukichukua, kinapita kwenda zake. Hata anayemeza vizuri kabisa ataona choo cheusi, kwa sababu sehemu kubwa ya kila kidonge haifyonzwi, hivyo rangi peke yake haikuambii lolote kuhusu damu yako. Ila kuna tofauti moja ambayo kila anayetumia vidonge hivi aijue: choo cheusi cha dawa ni cha kawaida kwa ulaini na harufu. Kikiwa kinanata kama lami, kina harufu kali isiyo ya kawaida, au unaumwa tumbo, hiyo inaweza kuwa damu inayovuja ndani. Wahi hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya wiki sita nikapima tena. 8.9.

Nilikaa kwenye benchi la nje na ile karatasi, nikalia. Wiki sita za kichefuchefu na tumbo kufunga, na nimepanda nukta tatu tu. Kidonge kikiingia mwilini sawasawa, hemoglobini inatarajiwa kupanda kama 2 ndani ya wiki tatu mpaka nne. Yangu ilikuwa haijagusa hata robo ya hapo. Daktari alianza kutaja uwezekano wa mambo mengine: labda tumbo halifyonzi, labda kuna damu inapotea mahali pengine, labda tuanze kufikiria chuma cha kuchomwa kwenye mshipa. Nilitoka pale na hofu ambayo sikuwa nayo asubuhi.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa zamu aliyekuja kuchukua damu nyingine ya vipimo. Hakuniuliza kama nameza dawa. Aliniuliza hivi: "Hebu mama, nionyeshe asubuhi yako. Unaamka, halafu?" Nikamweleza. Nilipofika kwenye kikombe cha chai aliweka sindano chini, akanitazama.

"Chai unakunywa dakika ngapi baada ya kidonge?"

"Sista, hapo hapo. Ndiyo ninayoshushia."

"Basi kidonge unainywesha chai, hujinyweshi wewe."

Akaniambia nikifika nyumbani nisage kidonge kimoja, nikitie kwenye chai ya rangi, niangalie. Nikafanya jioni ileile. Nilisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikamimina unga kwenye glasi ya chai nyekundu iliyopoa, nikakoroga. Chai ilianza kugeuka pembeni ya kijiko, kwanza hudhurungi iliyokolea, halafu ikawa nyeusi ya wino, kama maji ya mkaa. Baada ya kuiacha, chini pakatulia vumbi jeusi. Nilishika ile glasi kwenye mwanga na sikuona upande wa pili. (Hicho cha majaribio kimwage, usikinywe. Na kidonge cha kumeza usikisage, kwa sababu ganda lake linakuepusha na ladha ya chuma na madoa kwenye meno.)

Hicho ndicho kilichokuwa kinatokea tumboni kwangu kila asubuhi. Majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma inakishika na kutengeneza kitu ambacho ukuta wa utumbo hauwezi kukipitisha. Kahawa ina vitu vya jamii hiyohiyo. Maziwa kwenye chai hayapunguzi tatizo kwa kiasi cha kutegemewa, na yenyewe yana kalsiamu, ambayo pia inazuia chuma kufyonzwa. Mimi nilikuwa nimeviunganisha vyote viwili kwenye kikombe kimoja.

Vitamini C inafanya nini basi? Chuma kinafyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kinapita kirahisi kikiwa katika hali moja, ile inayoitwa feras. Kikitoka kwenye asidi ya tumbo na kuingia sehemu isiyo na asidi kali, kinaelekea kugeuka kuwa feriki, hali ambayo haiyeyuki vizuri na inabaki inaelea tu. Vitamini C inakizuia kisigeuke, na inakishika kwa namna ya kukiacha kikiwa kimeyeyuka mpaka kifike mlangoni. Ndiyo maana lazima ziwe pamoja tumboni kwa wakati mmoja. Chungwa ulilokula jana jioni halina msaada kwa kidonge cha leo.

Lakini msaada huo una kipimo, na hapa ndipo nilipokosea kwa pesa na kwa matumaini. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliofanywa kwa wanawake waliopungukiwa na chuma, wakipewa kidonge chenye miligramu 100 za chuma kwa namna tofauti tofauti. Wakikimeza na miligramu 80 za vitamini C asubuhi bila chakula, ufyonzaji ulipanda kwa takriban asilimia 30. Walipoongezewa vitamini C mpaka 500, hakikuongezeka kitu zaidi. Wakimeza na kahawa, ufyonzaji ulishuka kwa asilimia 54. Na wakimeza pamoja na kifungua kinywa chenye kahawa, ulishuka kwa asilimia 66, ingawa kifungua kinywa hicho kilikuwa na juisi ya chungwa ndani yake.

Niliisoma ile namba ya mwisho mara tatu. Ilikuwa asubuhi yangu mimi, imeandikwa na watu wasionijua. Vitamini C inaongeza kidogo. Chai, kahawa na chakula vinaondoa kingi. Huwezi kufidia cha pili kwa cha kwanza, hata ukimeza miligramu 1000.

Kuna jingine ambalo lingenipunguzia wasiwasi kama ningelijua mapema. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kutoka China lililowahusisha watu wazima 440 wenye upungufu wa damu kwa kukosa chuma. Nusu walipewa chuma na vitamini C, nusu chuma peke yake. Baada ya wiki mbili hemoglobini ilikuwa imepanda 2.00 kwa kundi la kwanza na 1.84 kwa la pili, tofauti ndogo sana. Kwa hiyo ukiwa na vidonda vya tumbo, kiungulia, au kisukari kinachokuzuia kunywa juisi, usikose usingizi. Meza na maji matupu. Maji hayazuii chochote. Mimi niliendelea na chungwa kwa sababu tumbo langu linaipenda na sikutaka kupoteza hata kile kidogo, lakini kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kushika, ningeshika la kuacha chai.

Utaratibu mpya tulioupanga na yule muuguzi, na daktari akaukubali, ulikuwa hivi. Kidonge kiko kando ya kitanda na glasi ya maji. Saa 11 na nusu alfajiri, nikiamka tu, naenda jikoni, nakamua machungwa mpaka nipate karibu glasi ndogo, mililita 150 hadi 200. Hapo kuna vitamini C kama miligramu 80, kiasi kilekile kilichotosha kwenye utafiti. Nameza kidonge, nakunywa juisi, naandika saa kwenye kijitabu. Chai hainywewi mpaka saa 2 asubuhi. Maziwa vivyo hivyo. Kifungua kinywa nilikisogeza kifuate saa moja baada ya kidonge, bila chai kwenye meza.

Kwa nini kusubiri muda wa saa mbili na siyo nusu saa? Kwa sababu chuma hakiondoki tumboni mara moja. Uchunguzi wa zamani kuhusu kahawa na chakula uligundua kwamba kahawa iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia chuma cha chakula hicho sawa na iliyonywewa pamoja nacho, lakini iliyonywewa saa moja kabla haikuzuia. Hilo lilinifundisha kitu ambacho sikukitarajia: hatari kubwa iko mbele ya kidonge, katika kile utakachokunywa baada yake. Mtu ambaye hawezi kabisa kuanza siku bila chai, kwake ni afadhali ahamishie kidonge jioni au usiku, saa mbili baada ya kula, kuliko kukibana katikati ya vikombe viwili. Asubuhi ndiyo bora, lakini usiku bila chai ni bora kuliko asubuhi na chai.

Vinywaji vingine vilivyonitega ni vitatu, navieleza kwa sababu vyote vilionekana salama.

Cha kwanza ni chai ya mimea. Nilijiambia kwamba mnanaa hauna majani ya chai, kwa hiyo si chai. Kumbe mimea hii nayo ina vitu vya jamii ya tanini, na mnanaa ulipopimwa pamoja na mkate ulizuia chuma karibu sawa na chai nyeusi yenyewe. Kamomaili ilizuia kwa nguvu ndogo kuliko mnanaa, lakini ilizuia. Kakao pia imo kwenye kundi hilo. Kwa hiyo sheria yangu ikawa rahisi: kitu chochote kilicholowekwa kwenye maji ya moto kinangoja saa mbili.

Cha pili ni juisi ya boksi. Wiki moja machungwa yaliniishia nikanunua ya boksi yenye picha ya chungwa zuri. Nilipogeuza nyuma nikasoma: imeongezwa kalsiamu. Yaani ninakunywa dawa na kizuizi chake ndani ya glasi moja. Nyingine niliyoikuta ilikuwa maji, sukari na ladha, tunda lenyewe kidogo mno. Soma upande wa nyuma. Unatafuta juisi halisi, isiyoongezwa kalsiamu, na vitamini C iwe imeandikwa kwa miligramu.

Cha tatu ndicho kilichoniuma, kwa sababu nilikuwa nimekitumia wiki mbili nzima: vile vidonge vyangu vya povu. Nilipochukua kopo na kulisoma kwa utulivu, nikakuta baadhi ya viambato ni kalsiamu kabonati na sodiamu baikaboneti. Ndivyo vinavyotoa povu. Ndivyo pia vinavyotumika kwenye dawa za kupunguza asidi tumboni, na chuma kinahitaji asidi hiyo. Si makopo yote yana kalsiamu, lakini langu lilikuwa nayo. Kidonge cha kawaida cha vitamini C, kisicho na povu, hakina tatizo hilo, na miligramu 100 zinatosha.

Wengi hutumia maji ya ndimu au limau. Ni mazuri, hayazuii, ila yana vitamini C ndogo kuliko watu wanavyodhani. Limau moja lililokamuliwa linakupa kama miligramu 18 hivi. Usilichemshe, likamulie kwenye maji ya kawaida unapotaka kunywa.

Kichefuchefu kilirudi, bila shaka, kwa sababu tumbo lilikuwa tupu tena. Safari hii sikujiamulia. Nilirudi kwa daktari, naye akanibadilishia niwe nameza siku moja, naruka moja. Nikaogopa kwamba napunguziwa dawa. Akanieleza kwamba ukimeza kidonge cha nguvu kama hiki, ini linatoa homoni inayoitwa hepsidini ambayo inafunga mlango wa chuma kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kidonge cha kesho yake kinakuta mlango umerudishwa nusu. Ukiruka siku, kinachofuata kinafyonzwa kwa sehemu kubwa zaidi, na tumbo linapumzika. Usifanye hivi bila kumuuliza anayekutibu, hasa ukiwa mjamzito, kwa sababu wajawazito wana mpango wao. Na kumeza viwili kwa mkupuo ili kufidia siku uliyosahau ni kosa. Utapata maumivu ya tumbo, mlango ukiwa umefungwa.

Nilipima tena baada ya wiki nne za utaratibu mpya. Tangu siku ya kwanza kwenye kijitabu nilikuwa nimekosea mara mbili tu, zote kwa chai ya ugenini ambayo sikuweza kukataa. Hemoglobini ilikuwa 10.7. Vidonge vilikuwa vilevile, na sasa nilikuwa nameza nusu ya idadi ya awali. Barafu nilikuwa nimeacha kuitafuna siku kama kumi kabla, na sikugundua mpaka mume wangu aliponiuliza mbona kwenye friji barafu hazipungui.

Mdogo wangu naye alipoanza vidonge hivi baadaye, jambo la kwanza nililomwuliza ni dawa nyingine anazotumia. Anatumia levothairoksini kwa ajili ya tezi la shingo, na anaimeza alfajiri. Chuma kinaishika dawa hiyo na kuifanya isiingie mwilini, kwa hiyo ilibidi viachane kwa saa nne. Yeye chuma anakimeza usiku. Antibayotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini nazo hazikai pamoja na chuma, na dawa za kiungulia zinakipunguza nguvu. Mwambie mfamasia kila unachomeza, hata kile ambacho hukuandikiwa na daktari.

Nilifika 12.3 kwenye wiki ya kumi na moja ya utaratibu mpya. Hapo nilitaka kuacha. Daktari akasema hapana: damu imejaa lakini ghala bado, endelea miezi mitatu zaidi. Nikaendelea, kidonge na chungwa, chai saa 2. Kopo nililiweka juu kabisa ya kabati na kifuniko kimekazwa, kwa sababu vidonge hivi vinafanana na peremende na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Feritini ya mwisho ilisoma 46. Hedhi nayo inatibiwa sasa, maana bila kuziba pale damu inapotoka ningerudi nilikoanzia. Nimepangiwa kupima tena baada ya miezi mitatu, na kile kijitabu nimekihifadhi kwenye droo, kurasa zake za kwanza bado zina duara la kikombe cha chai.